Namna ya kumkumbusha mwanachama aliyechelewesha mchango bila kumvunjia heshima

*"Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha VICOBA. Tuko wanachama 24 na tunakutana kila Jumamosi saa 10 jioni. Hisa moja ni Sh 5,000, mtu hununua moja hadi tano, na mfuko wa jamii ni Sh 1,000. Wanaochelewesha wamezidi. Nikiwakumbusha wananuna, na mama mmoja amesema atajitoa kwa sababu ya lugha yangu. Nanakili jumbe tatu kama nilivyozituma, majina nimeyaficha. Kwenye kundi la simu: 'Jamani msiolipa mnajijua. Mama Fulani na wenzako acheni utoto, pesa za watu si za kuchezea!!!' Kwa Mama Fulani mwenyewe: 'Wiki ya tatu hii. Vitenge vipya unavaa, mchango huna. Jumamosi usipoleta tunakuja kubeba tivii.' Kwa mzee wetu mmoja: 'Mzee vipi, ile hela tuma kwenye hii namba chap.' Naomba nisaidiwe kuziandika kwa lugha rasmi yenye heshima, lakini hela ije."*

Ndugu Mweka Hazina, jumbe zote tatu nitaziandika upya, lakini naomba tuanze na daftari kabla ya lugha, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote katika jumbe hizi halitokani na ukali wake. Limo katika maneno "pesa za watu". Hisa ambayo Mama Fulani hajanunua ni akiba yake mwenyewe: akiileta itaandikwa kwa jina lake, na siku ya kugawana mwishoni mwa mzunguko itahesabiwa kwake. Asipoileta, hajachukua shilingi ya mtu yeyote. Amepunguza gawio lake, na amepunguza fedha ambazo kikundi kingeweza kukopesha siku hiyo. Ni kweli kwamba amekiuka mlichokubaliana, na mna haki ya kumkumbusha, lakini mtu anayeambiwa anachezea pesa za watu huku akijua wazi kwamba hana mkopo wala hajashika sanduku, hasikii tena neno lolote linalofuata.

Hali ingekuwa nyingine kabisa kama angekuwa amechelewesha rejesho la mkopo, kwa kuwa fedha hizo ni za wote na kuna mwanachama mwingine anayezisubiri ili naye akope. Ingekuwa nyingine pia katika mchezo wa kupeana kwa zamu, ambako anayepokea leo anarudi nyumbani na pungufu lililosababishwa na mwenzake mmoja. Mfuko wa jamii nao una sura yake, maana ndio unaomsaidia mfiwa na mgonjwa, na asiyechangia anaacha wenzake wambebe. Kwa hiyo kila ukumbusho unaoandika unapaswa kutaja ni fedha ya aina gani inayosubiriwa. Neno "mchango" peke yake, na zaidi "ile hela", huchanganya mambo ambayo yana uzito tofauti, na mwanachama anapokasirika mara nyingi anakasirikia mchanganyiko huo.

Kabla ya kuandika herufi moja, fungua katiba ya kikundi chenu usome kifungu kinachohusu hisa. Vipo vikundi ambavyo hisa hununuliwa kikaoni tu, mbele ya wanachama wote, na asiyekuwepo safu yake huachwa tupu. Wiki ikipita imepita. Katika kikundi cha namna hiyo huna hisa ya kumdai mtu, na kinachobaki ni mfuko wa jamii na faini, kama vimo kwenye katiba. Vipo vingine vinavyomtaka kila mwanachama anunue angalau hisa moja kila kikao na kulimbikiza zile alizozikosa. Maelezo yako yananifanya niamini kwamba kikundi chenu ni cha aina hii ya pili, nami nitaandika kwa msingi huo. Nitachukulia pia kwamba katiba yenu inaweka faini ya Sh 1,000 kwa kila mchango uliochelewa, na kwamba jambo hilo limo katika kifungu cha 9. Hiyo ni mifano tu. Badilisha uweke kiasi na namba ya kifungu chenu halisi. Kama faini haimo kwenye katiba wala katika maamuzi yaliyoandikwa kwenye muhtasari wa kikao, usiiandike kabisa, hata kama imezoeleka kutozwa. Mweka hazina hana mamlaka ya kubuni adhabu.

Sasa niguse dhana mbili ninazozisikia mara kwa mara ninapowafundisha viongozi wa vikundi. Ya kwanza ni kwamba lugha ya heshima ni lugha legevu, na kwamba mdaiwa akiombwa kwa upole atajua hakuna kitakachomfika. Ujumbe wako kwa Mama Fulani ni mkali, lakini hauna kiasi, hauna tarehe za vikao alivyokosa, wala hauelezi alipe kwa njia gani. Akitaka kulipa leo hajui alete shilingi ngapi. Ujumbe wa heshima niliouandika hapa chini unambana zaidi ya huo, kwa kuwa unamtajia kila kitu na haumwachii nafasi ya kusema hakuelewa. Dhana ya pili ni kwamba urasmi ni urefu, yaani kuanza na salamu za aya nzima, "kwa heshima na taadhima", na "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Sentensi hizo hazimkosei mtu adabu, ila zinamchelewesha msomaji kufika penye kiasi na tarehe. Heshima ya kweli kwa mtu mzima mwenye shughuli zake ni kumweleza jambo lake kwa usahihi, kwa faragha, na mapema.

Tuuchukue ujumbe wa kwanza, ule wa kwenye kundi. Ndani yake mna mambo mawili yaliyosongamana: tangazo la kikao, ambalo ni la wote, na deni la mtu, ambalo ni lake. Maneno "msiolipa mnajijua" yanawafikia kwanza wale waliolipa, kwa kuwa wao ndio wasomaji makini wa jumbe za kikundi, na wengi wao hubaki wakijiuliza kama mchango wao uliandikwa. Aliyechelewesha, kwa upande wake, ama anajificha nyuma ya neno "wenzako" ama, akitajwa jina, anaona aibu mbele ya watu anaokutana nao sokoni na msikitini au kanisani. Aibu hiyo humfanya akwepe kikao, na kukwepa kikao ndiko kunakokuza deni. Kwa viwango vyenu kila Jumamosi anayoikwepa inamwongezea Sh 7,000: hisa, jamii na faini. Akikwepa mara nne anadaiwa Sh 28,000, kiasi ambacho mama lishe au mwendesha bodaboda hawezi kukitoa mfukoni kwa siku moja. Hapo ndipo wanachama wanapoanza kuzungumzia kujitoa.

Kwa hiyo tangazo liende kwenye kundi siku ya Alhamisi, kabla ya mtu yeyote kuchelewa, na lisomeke hivi:

> Ndugu wanachama, nawasalimu. Kikao chetu kitafanyika Jumamosi, tarehe 21 Juni 2025, saa 10 jioni, mahali petu pa kawaida. Kila mmoja wetu anaombwa kufika na fedha ya hisa, kuanzia Sh 5,000, na ya mfuko wa jamii, Sh 1,000. Mwenye michango ya vikao vilivyopita nitawasiliana naye binafsi. Atakayepata dharura anijulishe mimi au Mwenyekiti kabla ya kikao. Mweka Hazina.

Hapo hakuna aliyelaumiwa, na kila mtu ameshaambiwa kiasi, siku na saa. Nimeandika tarehe kamili kwa makusudi, kwa kuwa "Jumamosi ijayo" ikisomwa Ijumaa usiku mmoja ataielewa kuwa ya kesho na mwingine kuwa ya wiki ya pili. Kumbuka pia wanachama wenye simu za kitochi, ambao kundi haliwafikii kabisa. Hao watumie ujumbe mfupi wa kawaida wenye maneno yaleyale.

Ukumbusho wa mtu binafsi uanze mara tu anapokosa kikao cha kwanza, usisubiri wiki tatu ili uje na hasira ya wiki tatu. Kwa Mama Fulani ulipaswa kwenda Jumatatu baada ya kikao cha tarehe 31 Mei:

> Shikamoo Mama Fulani. Daftari la kikao cha 31 Mei halioneshi mchango wako: hisa Sh 5,000 na jamii Sh 1,000. Pamoja na faini ya katiba Sh 1,000, jumla ni Sh 7,000. Kama ulishatuma, tafadhali nitumie ujumbe wa muamala nirekebishe. Kama bado, tunaomba uilete kikaoni 7 Juni. Mweka Hazina.

Kama umri wenu unalingana, "Habari za leo" itatosha badala ya shikamoo. Tazama lakini ni nani anayetenda katika sentensi ya pili. Sikuandika "hujalipa" wala "umeshindwa kuleta", kwa sababu hicho ni kitu usichokijua kwa hakika. Unachokijua ni kwamba daftari halioneshi. Huenda alimpa mwenzake amletee na mwenzake akasahau, huenda alituma kwa simu siku ambayo katibu hakuandika, huenda wewe mwenyewe uliruka mstari. Ukisema "daftari halioneshi" na ikaja kubainika kwamba alilipa, utafuta na kuandika upya bila mtu kuvunjiwa heshima. Ukisema "hujalipa" na alikuwa amelipa, umemsingizia, na itakubidi uombe radhi kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote. Ndiyo maana sentensi inayoanza na "Kama ulishatuma" haipaswi kukosekana katika ukumbusho wa kwanza na wa pili. Nimeitaja faini tangu mwanzo kwa sababu kuificha kwa ajili ya upole, kisha kuitoa wiki ya tatu, ni kumtega.

Jambo dogo la kiufundi: ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160, na ukizidi hapo simu huugawanya. Huo wa juu unaingia ndani ya jumbe mbili. Ukitia hata kikaragosi kimoja cha uso au cha mikono iliyounganishwa, nafasi ya kila ujumbe hushuka hadi herufi 70, na maneno yaleyale yatagawanyika vipande vingi ambavyo kwenye simu nyingine hufika bila mpangilio. Acha vikaragosi katika jumbe za fedha.

Ujumbe wako wa pili ndio uliomfanya Mama Fulani atake kujitoa, nami sishangai. Vitenge vyake havikuhusu kama mweka hazina. Kitenge kinaweza kuwa sare ya harusi ya mdogo wake iliyonunuliwa kwa michango ya ukoo, au zawadi, au cha mwaka juzi. Na hata kama amekinunua jana kwa fedha zake, kikundi hakina mamlaka juu ya matumizi ya mwanachama. Kina mamlaka juu ya makubaliano yaliyomo kwenye katiba. Ukitoka kwenye daftari ukaingia kwenye kabati la nguo, umeacha nafasi yako ya uongozi ukawa jirani anayemsema mwenzake, naye atakujibu kwa ngazi hiyohiyo.

La tivii ni zito zaidi. Kuingia nyumbani kwa mtu na kuchukua mali yake bila ridhaa yake na bila utaratibu wa kisheria kunaweza kuwageuza nyinyi kuwa washtakiwa, deni liwe la kweli au la. Kitisho chenyewe nacho si salama: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ya Tanzania inalitaja kosa la kumtumia mtu ujumbe wa kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia fadhaa. Sisemi kwamba Mama Fulani atakwenda polisi, lakini ujumbe ule bado uko kwenye simu yake, una jina lako na tarehe, na siku suala hili likifika mbele ya watu wazima ndio utakaosomwa kwanza. Kwa hisa zilizochelewa hamhitaji kutaja dhamana ya aina yoyote. Dhamana ni jambo la mikopo, na huko pia hufuatwa mkataba wa mkopo alioutia sahihi mkopaji.

Kwa mtu aliyekosa vikao vitatu mfululizo, mimi huacha ujumbe wa simu na kuandika barua ya karatasi moja, iliyokunjwa ndani ya bahasha, ikapelekwa kwa mkono. Simu ya mtu husomwa na mumewe, mkewe au mtoto anayechezea michezo, na wako wanachama walioweka akiba bila kuitangaza nyumbani. Barua yako iwe hivi, ikiandikwa Jumatatu tarehe 16 Juni:

> 16 Juni 2025
>
> Mama Fulani,
> Mwanachama Na. 14.
>
> YAH: MICHANGO YA VIKAO VYA TAREHE 31 MEI, 7 JUNI NA 14 JUNI 2025
>
> Kumbukumbu za kikundi zinaonesha kwamba michango yako ya vikao vitatu vilivyotajwa hapo juu haijapokelewa. Kiasi kinachosubiriwa ni hisa Sh 15,000, mfuko wa jamii Sh 3,000, na faini Sh 3,000 kwa mujibu wa kifungu cha 9 cha katiba yetu. Jumla ni Sh 21,000. Kiasi hiki hakijumuishi mchango wa kikao kijacho, ambao ni Sh 6,000 kwa atakayenunua hisa moja.
>
> Tunakuomba ukiwasilishe katika kikao cha Jumamosi, tarehe 21 Juni 2025, saa 10 jioni. Endapo hutaweza kukilipa chote kwa mara moja, tafadhali mweleze Mwenyekiti au mimi kabla ya Ijumaa, tarehe 20 Juni, ili ombi lako la kulipa kwa awamu lifikishwe kikaoni. Endapo una stakabadhi au ujumbe wa muamala wa malipo ambayo hatukuyaandika, tafadhali njoo nao tulinganishe na daftari.
>
> Tusipopata malipo wala maelezo hadi kikao hicho, suala hili litawasilishwa kwa wanachama ili waliamue kwa mujibu wa katiba.
>
> Wako,
> Mweka Hazina
>
> Nakala: Mwenyekiti, Katibu kwa ajili ya jalada.

Barua hii haina neno la kubembeleza wala la kutisha. Sentensi ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote ni ile inayosema kwamba kiasi hicho hakijumuishi mchango wa kikao kijacho. Bila hiyo Mama Fulani angekopa kwa dada yake Sh 21,000, akaja Jumamosi akiamini amejitoa kwenye deni, kisha akaambiwa mbele ya wenzake kwamba bado anadaiwa Sh 6,000 za siku hiyo. Kiasi halisi anachotakiwa kuja nacho ili atoke bila deni ni Sh 27,000, na ni haki yake kukijua akiwa nyumbani.

Kuhusu awamu, angalia kwamba barua haimwahidi chochote. Inamwambia ombi lake litafikishwa kikaoni, kwa sababu mweka hazina hana mamlaka ya kusamehe wala kuahirisha peke yake, na ukimruhusu mmoja kwa siri kesho utadaiwa uwaruhusu wote. Lakini unaweza kwenda kikaoni ukiwa na pendekezo lililopigiwa hesabu. Sh 21,000 zikigawanywa mara tatu ni Sh 7,000, sawasawa na deni la kikao kimoja. Akilipa Sh 7,000 za nyuma pamoja na Sh 6,000 za siku husika, yaani Sh 13,000, katika vikao vya tarehe 21 Juni, 28 Juni na 5 Julai, atakuwa amemaliza. Wanachama wakikubali, katibu aliandike kwenye muhtasari pamoja na tarehe hizo tatu, na umpe Mama Fulani nakala.

Ujumbe wa tatu una kasoro ambayo huenda hukuiwazia. Maneno "ile hela tuma kwenye hii namba" kila mwenye simu nchini anayajua: ndiyo maneno ya matapeli wanaotuma jumbe kwa namba za kubahatisha wakitumaini kumpata mtu aliyekuwa anangoja kuelekezwa pa kutuma. Mzee wenu akiwa mwangalifu atafuta ujumbe huo na kuendelea na shughuli zake, na atakuwa amefanya sawa. Achilia mbali kwamba "vipi" na "chap" si maneno ya kumwandikia mtu wa umri wa baba yako unayemtaka atoe fedha. Mwandikie hivi:

> Shikamoo Mzee. Mimi ni Mweka Hazina wa kikundi chetu cha Jumamosi. Daftari la kikao cha 14 Juni halioneshi mchango wako: hisa Sh 5,000 na jamii Sh 1,000, pamoja na faini ya katiba Sh 1,000, jumla ni Sh 7,000. Kama ulishatuma, tafadhali nijulishe nirekebishe. Kama bado, tunakuomba uilete kikaoni 21 Juni, au uitume kwa namba ya kikundi iliyoandikwa ndani ya kijitabu chako. Ukipenda, nipigie kwanza tuzungumze.

Namba ya malipo sikuiandika kwenye ujumbe, na nakushauri usiiandike kamwe. Iandikwe mara moja kwenye kijitabu cha kila mwanachama, pamoja na jina linalotokea kwenye simu wakati wa kutuma, na itangazwe kikaoni kwamba haitabadilishwa kwa ujumbe. Siku mtu atakapojifanya mweka hazina na kuwatumia wanachama namba nyingine, hawatahangaika nayo. Na kama "hii namba" uliyoitaja ni laini yako binafsi, liweke jambo hilo wazi kikaoni haraka. Fedha za kikundi zinazopita kwenye simu ya mtu mmoja huzaa maswali hata pale ambapo hakuna shilingi iliyopotea, na mwanachama mwenye mashaka huchelewesha kwa makusudi bila kukueleza sababu.

Ongeza tabia moja ambayo viongozi wengi huiacha: andika pia fedha inapofika. "Asante Mama Fulani. Tumepokea Sh 13,000 leo tarehe 21 Juni: Sh 7,000 za deni na Sh 6,000 za kikao. Deni lililobaki ni Sh 14,000." Mtu anayepata ujumbe kutoka kwako siku anayodaiwa tu, ataanza kuogopa jina lako linapotokea kwenye simu.

Mama Fulani ulimtaja jina kwenye kundi, na hilo halitafutika kwa barua nzuri ya baadaye. Nenda kwake pamoja na Mwenyekiti, kabla ya kuituma barua, umwombe radhi kwa maneno ya mdomo. Kisha andika palepale ulipomtajia: "Ndugu wanachama, hivi karibuni nilimtaja mwenzetu kwa jina katika ujumbe wa michango na kutumia maneno yasiyofaa. Taarifa za mtu mmoja hazikupaswa kuletwa hapa. Nimemwomba radhi, nanyi pia naomba radhi." Usichanganye radhi hiyo na deni. Ukisema "samahani, lakini bado unadaiwa", radhi imekufa. Barua ya deni iende siku nyingine, kwa njia yake.

Umesema unataka hela ije, nami sitaki kukuahidi kuliko lugha inavyoweza. Ukumbusho ulioandikwa vizuri humleta upesi aliyesahau, na humpa mlango aliyeona aibu. Asiyekuwa nacho hatakipata kwa sababu umemwandikia vizuri, ila ataweza kukwambia hana, na hilo litakusaidia kupanga. Ukiona robo ya wanachama wamechelewa wiki ileile, kwa mfano Januari wakati wa ada na sare za shule, acha kuandika kumbusho za mtu mmoja mmoja na ulipeleke jambo hilo kikaoni, muamue kama kiwango cha chini au siku ya kukutana vinafaa kubadilishwa kwa kipindi hicho. Mabadiliko hayo yaingie kwenye katiba au muhtasari kabla hayajaanza kutumika.

Zipo hali ambazo hupaswi kuandika kabisa, bali kwenda. Mwanachama aliyekuwa mlipaji mzuri na ghafla akanyamaza anaweza kuwa mgonjwa, amefiwa, au fedha zake zinachukuliwa na mtu wa nyumbani kwake. Nendeni wawili, wewe na kiongozi mwingine, bila daftari mkononi, mkamjulie hali kwanza. Iwapo anapinga hesabu zako, msijibizane kwenye simu: kutaneni na Katibu, mkiwa na kijitabu chake, daftari la kikundi na jumbe za miamala, mpitie kikao kimoja baada ya kingine hadi mfike penye tofauti.

Na iwapo barua imefika, kikao kimeamua, na bado hakuna malipo wala maelezo, au wanachama wamegawanyika kuhusu faini, mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Vikundi vya namna hii vinasajiliwa kupitia halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na afisa huyo amezoea kuketi na pande mbili zenye mvutano. Nendeni na katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua, nakala ya barua ya tarehe 16 Juni, na jina na sahihi ya aliyeipokea.